Atakuja au hatakuja? Mtoto mwenye usikivu hafifu na mazoezi ya nyumbani

Jioni moja mama anamwambia binti yake wa miaka mitano: "Baba hatakuja leo." Mtoto anatabasamu, anachukua kigoda chake na kwenda kukaa mlangoni. Anakaa pale hadi giza linaingia. Anaitwa kula, hataki. Bibi yake anaguna: "Huyu mtoto mkaidi sana, si ameshaambiwa?"

Mtoto huyu ni wa mfano tu, lakini ukikaa siku moja kwenye kliniki ya usikivu utawakuta wengi wa aina yake. Si mkaidi. Aliambiwa "hatakuja", yeye akasikia "atakuja", na kwa alichosikia, kukaa mlangoni kumsubiri baba ni jambo la akili kabisa.

Leo tuzungumzie hiyo herufi moja iliyopotea. Tukiielewa vizuri, tutaelewa pia mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha anafanya nini na mtoto mwenye usikivu hafifu, na kwa nini sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika jikoni na uani kuliko hospitalini.

Anasikia, ila haelewi

Watu wengi hudhani kutosikia ni kama kupunguza sauti ya redio, kwamba kila kitu kinapungua sawasawa. Kwa watoto wengi haiko hivyo. Binti yetu anasikia sauti nzito karibu vizuri, lakini sauti nyembamba zimempotea. Alipopimwa, sauti ya hezi 500 aliisikia ilipofika desibeli 30, ambayo si mbaya sana. Ya hezi 2000 alihitaji desibeli 65. Ya hezi 4000, desibeli 75. Mazungumzo ya kawaida ya mtu aliye umbali wa mita moja huwa kama desibeli 60 hivi.

Sasa weka maneno juu ya namba hizo. Irabu, yaani a, e, i, o, u, zina nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko kwenye sauti nzito. Konsonanti nyingi ni dhaifu, na baadhi yake, hasa s, ziko juu kabisa, hezi 4000 na kuendelea. Kwa hiyo bila kifaa mtoto huyu anasikia mlio wa maneno lakini hapati maneno yenyewe. Mlango ukibamizwa, anageuka. Ukimwita kwa nguvu, anaitika. Ndiyo maana familia ilichelewa kushtuka, akafikisha miaka mitatu kabla ya kupelekwa kupimwa na kupewa vifaa vya kusikia, ambavyo wengine huviita shimesikio.

Hapo kuna hesabu moja ambayo wataalamu huipenda: umri wa kusikia. Binti ana miaka mitano ya kuzaliwa, lakini amesikia vizuri kwa miaka miwili tu. Ukitaka kujua kama anaendelea vizuri kwenye lugha, usianze kwa kumlinganisha na mtoto wa jirani wa miaka mitano. Anza kwa kumlinganisha na mtoto aliyesikia kwa miaka miwili, halafu uone kama pengo linapungua kila baada ya miezi michache. Kama halipungui, kuna kitu cha kutafuta.

Kwa nini "ha-" ni ngumu hivi

Kiswahili hubeba mambo mazito mwanzoni mwa kitenzi. Nani anatenda, lini, na kama tendo lipo au halipo, vyote vimo kwenye silabi ndogo za mbele. Lakini mkazo wa neno hauangukii huko. Unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ataKUja, hataKUja. Yaani silabi inayobeba habari ya "ndiyo" au "hapana" ndiyo tunayoitamka kwa ulegevu zaidi.

Halafu angalia h yenyewe. Ni pumzi tu inayopita kabla ya irabu. Ni mojawapo ya sauti hafifu kabisa katika lugha. Kusoma midomo nako hakusaidii, maana midomo ya anayesema "a" na ya anayesema "ha" hufanana. Na wengi wetu, tuseme ukweli, tukiongea haraka h tunaimeza.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili chenyewe kimeweka alama nyingine za kukanusha, ila si kila mahali. Linganisha:

- analala / halali. Hapa "na" imetoweka na mwisho umebadilika kuwa "i". Mtoto akikosa h, bado ana dalili mbili.
- amelala / hajalala. Hapa "me" imegeuka "ja". Dalili moja kubwa, inasikika.
- atalala / hatalala. Hapa hakuna kingine kilichobadilika. Ni h peke yake.

Ukisema "watalala" na "hawatalala", silabi moja nzima imeongezeka, kwa hiyo urefu wa neno unasaidia. Shida kubwa iko kwenye "atalala / hatalala" na "utalala / hutalala". Bahati mbaya hizo ndizo kauli za ahadi: baba atakuja, utapata soda, hutaenda sokoni. Mtoto anayekosa h hapo anajenga matumaini ambayo hakuna aliyempa, kisha anaonekana mbishi.

Kwa hiyo mtaalamu hamfundishi "kukanusha" tu kwa jumla. Anaangalia odiogramu, anaangalia lugha ya nyumbani, kisha anapanga njia kuanzia kwenye dalili nyingi kwenda kwenye dalili chache. Hapo ndipo mzazi anapoingia. Mtaalamu anakutana na mtoto labda saa moja kwa wiki, na kwa wanaoishi mbali na mji, saa moja kwa mwezi. Mtoto anayekaa macho saa 12 kwa siku ana saa 84 kwa wiki. Hizo 83 zilizobaki ni zenu.

Kabla ya somo: kifaa kinafanya kazi?

Hakuna zoezi litakalosaidia kama betri imekufa. Inaonekana jambo dogo, lakini mtoto mdogo hawezi kukwambia "mama, leo kifaa changu kimezimika". Anatulia tu, au anakivua. Kwa hiyo kila asubuhi kuna kazi ya dakika tano.

Kwanza, washa kifaa na ukifunike kwa viganja viwili. Kikipiga mluzi, kina uhai. Kikinyamaza, badilisha betri. Betri nyingi za vifaa hivi hufanya kazi kwa hewa. Ukibandua karatasi yake ndogo, isubiri kama dakika moja kabla ya kuiweka, na ujue kuwa tangu hapo inaendelea kuisha hata usipoitumia. Ziweke mbali na watoto wadogo. Mtoto akimeza betri ya namna hii, ni hospitali moja kwa moja, bila kusubiri.

Pili, angalia moldi, kile kipande laini kinachokaa ndani ya sikio, na mrija wake. Nta ikiziba, tenganisha moldi na kifaa, ioshe kwa maji ya vuguvugu, ikaushe mpaka ndani ya mrija pasibaki tone. Kifaa chenyewe hakiguswi na maji. Kwenye joto la Dar au Mombasa jasho ni adui wa kila siku. Usiku kilaze kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu. Na kifaa kikipiga mluzi kikiwa sikioni, mara nyingi maana yake sikio limekua na moldi imelegea. Kwa watoto wadogo moldi hutengenezwa upya kila baada ya miezi michache. Usipunguze sauti ili mluzi ukome, maana utakuwa umemnyima mtoto zile sauti hasa alizoziendea kliniki.

Tatu, pima kwa sauti sita. Kipimo hiki kilienezwa na Daniel Ling, mtaalamu aliyefundisha Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, na uzuri wake hakihitaji mashine. Sauti zenyewe ni: mm, u, a, i, sh, s. Zimechaguliwa ili zifunike eneo lote la usemi, kuanzia nzito (mm, u) hadi nyembamba kabisa (s).

Mpe mtoto kikombe na maharage sita. Kaa pembeni yake kidogo, umbali wa mita moja, ili asikuone mdomo. Usiuzibe mdomo kwa mkono, maana mkono huzuia sauti nyembamba, na utakuwa umeharibu kipimo mwenyewe. Toa sauti moja kwa nguvu ya kawaida ya mazungumzo. Akisikia, atumbukize harage. Changanya mpangilio kila siku, na badilisha muda wa kusubiri: mara sekunde mbili, mara sekunde nane. Watoto ni wajanja, ukienda kwa mdundo mmoja atatumbukiza kwa kukisia. Fanya sikio moja moja, halafu yote mawili, kisha rudia ukiwa mita mbili. Andika kwenye daftari.

Daftari hilo ndilo linaloongea. Kama jana alisikia s na leo hasikii, kuna kilichobadilika usiku: betri, mrija wenye maji, nta, au sikio lina usaha au majimaji ndani baada ya mafua. Kama s haijawahi kusikika hata siku moja tangu kifaa kianze, basi tatizo si la leo. Kifaa kinahitaji kurekebishwa, na ukienda na daftari lako mtaalamu wa usikivu hatapoteza muda kukisia.

Saa za kuvaa zina uzito wake. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ambao uliwafuatilia watoto wenye usikivu hafifu wa kiwango cha chini hadi kikubwa. Waliovaa vifaa zaidi ya saa 10 kwa siku walipanda kilugha kwa kasi nzuri kuliko waliovaa muda mfupi. Kwa hiyo "tunamvalisha akienda shule tu" haitoshi.

Mita moja na paa la bati

Kuna sheria moja ya fizikia ambayo kila mzazi wa mtoto huyu anapaswa kuijua. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Ukiongea kwa desibeli 60 akiwa mita moja, akiwa mita mbili anapata 54, akiwa mita nne anapata 48. Sasa redio inaimba kwa desibeli 50. Ukiwa mita nne nyuma yake, maneno yako tayari yako chini ya redio.

Kifaa hakiwezi kukuokoa hapo, kwa sababu kinakuza vyote: sauti yako, redio, mafuta yanayokaangika, na sufuria zinazogongana. Mtoto anayejifunza lugha anahitaji sauti ya mzazi ipite kelele kwa desibeli 15 hivi ili azipate konsonanti. Njia rahisi ya kupata hizo desibeli 15 ni miguu yako: msogelee. Zima redio. Kaa upande wa sikio lake lenye nafuu.

Wengi wetu badala ya kusogea tunapaza sauti. Hebu jaribu mwenyewe kupiga kelele "HATAKUJA!" na usikilize kilichokua. Ni irabu. H imebaki pale pale, tena sasa imefunikwa zaidi. Kupaza sauti kunaongeza kile ambacho mtoto alikuwa akikipata tayari. Sema kwa sauti ya kawaida, pole pole kidogo, karibu. Na mvua ikianza kupiga bati, achana kabisa na mazoezi ya kusikiliza. Muda huo mfundishe kwa picha na ishara, au mchoree.

Somo lenyewe: mwanasesere na mkeka

Wataalamu hupanga kusikia katika ngazi nne, mpangilio unaohusishwa na Norman Erber: kugundua kuwa sauti ipo, kutofautisha sauti mbili, kutambua neno, na kuelewa kilichosemwa. Sauti sita za asubuhi zinaangalia ngazi ya kwanza. Binti yetu anaipita. Anaposhindwa ni ngazi za juu, kwenye "ha-".

Mazoezi yake tutayafanya kwa mwanasesere, kipande cha kanga na mkeka mdogo. Dakika kumi kwa siku zinatosha, baada ya chai, nyumba ikiwa imetulia.

Wiki za kwanza tunaanza kwenye dalili nyingi. Mama anakaa ubavuni, wote wawili wanatazama mwanasesere. Mama anasema: "Analala." Anamfunika kanga. Anasema: "Halali." Anamfunua na kumkalisha. Mara tano sita hivi mama anaonyesha, mtoto anaangalia tu. Kisha wanabadilishana: mama anasema, mtoto anafanya. Sheria ni moja, sauti inatangulia kitendo. Ukishika kanga kabla hujasema, mtoto atasoma mkono wako na masikio yatabaki yamelala.

Akiweza hapo, wanahamia "amelala / hajalala". Akiweza hapo pia, ndipo wanaingia "atalala / hatalala": akisikia "atalala" anaweka mkeka, akisikia "hatalala" anauondoa. Hapa mama anaruhusiwa msaada mdogo mwanzoni. Anaweza kuivuta h kidogo, kama mtu anayepumulia kioo, kisha anamalizia neno kwa mwendo wa kawaida. Siku zinavyokwenda anaupunguza msaada huo mpaka neno liwe kama linavyosemwa na watu wote. Mtoto akizoea h ya darasani tu, mtaani itampotea tena.

Utajuaje kuwa ameweza na si bahati? Hii ni hesabu nzuri kwa wanafunzi wa takwimu. Jibu ni mawili tu, kwa hiyo anayekisia hupata wastani wa 5 kati ya 10. Ukipata 6 au 7 usishangilie bado. Uwezekano wa kupata 8 au zaidi kwa kukisia ni 56 kati ya 1024, yaani karibu mara 1 kati ya 18. Akipata 8 au zaidi siku mbili tofauti, bahati hiyo inashuka hadi karibu 1 kati ya 330. Kwa hiyo weka kanuni: 8 kati ya 10, siku mbili, ndipo upande ngazi. Na uchanganye mpangilio kwa kurusha sarafu, maana sisi watu wazima bila kujijua hupenda kupokezana: ndiyo, hapana, ndiyo, hapana.

Akikwama kwenye 5 au 6 wiki nzima, usirudie lile lile kwa nguvu zaidi. Shuka ngazi moja, halafu kagua: daftari la sauti sita linasemaje? Kulikuwa na kelele? Umekaa upande wa sikio gani? Au labda masikio hayana tatizo, ni kwamba mtoto hajajua bado "kesho" na "baadaye" ni nini. Ili kujua ipi ni ipi, mwache akuone na umwambie kwa maneno na ishara ya kichwa. Akielewa kwa ishara lakini si kwa sauti, tatizo ni kusikia. Asipoelewa kwa njia zote mbili, tatizo ni lugha, na hapo unamfundisha maana kwanza.

Siku nzima iliyobaki

Mchezo wa mkeka ni dakika kumi. Lugha yenyewe inaingia mnapochambua mchele, mnapoosha vyombo, mnapoanua nguo. Hapo kuna mazoea matatu yanayofanya kazi.

La kwanza ni kumwonyesha sauti kabla ya kumwonyesha kitu. Bodaboda ikipita, gusa sikio lako: "Umesikia? Pikipiki!" kisha mwende mkaione. Ubongo uliokaa miaka mitatu bila sauti nyembamba hauzitilii maanani wenyewe. Unahitaji kuambiwa kwamba mlio huu una maana.

La pili ni kusubiri. Ukiuliza "Tuweke chumvi?" nyamaza, mtazame, hesabu moyoni hadi kumi. Mtoto mwenye usikivu hafifu anafanya kazi mbili: kukamata sauti, kisha kuipa maana. Wengi wetu tunahesabu mbili tu halafu tunarudia swali, na kumbe tumemvuruga alipokuwa amekaribia kujibu.

La tatu ni kumrudishia sentensi ikiwa imekamilika badala ya kumsahihisha. Akisema "kikombe anguka", usimwambie "Si hivyo, sema kimeanguka." Mwambie: "Ee, kikombe kimeanguka! Kimevunjika?" Amepata "ki-" mara tatu ndani ya sekunde chache, na mazungumzo yanaendelea. Kumlazimisha arudie kila neno kunamfundisha kwamba kuongea ni mtihani, na mtoto mwenye akili hukwepa mtihani.

Na lugha gani? Ile unayoijua vizuri. Kama nyumbani ni Kinyakyusa au Kidholuo, huna sababu ya kukiacha na kuongea Kiswahili cha kubabaisha. Mtoto anahitaji sentensi nzima zenye uhai, na hizo unazipata kwenye lugha yako mwenyewe.

Mazoezi haya yana mpaka

Yote haya yanategemea jambo moja: kwamba kifaa kinamfikishia mtoto sauti za kutosha. Kwa mtoto ambaye usikivu wake umepotea karibu wote, kifaa cha kawaida huenda kisifikishe hata "a" na "u". Kama amevaa kila siku, moldi inakaa vizuri, kifaa kimerekebishwa, na bado miezi inapita daftari la sauti sita halibadiliki, usiendelee kusubiri. Rudi kliniki uulize kuhusu kipandikizi cha sikio la ndani. Upasuaji huo unafanyika Afrika Mashariki, ila gharama yake ni kubwa na mazoezi ya miaka hufuata.

Wakati huo huo mtoto anahitaji lugha leo. Ubongo wa mtoto hujenga lugha kwa kasi zaidi miaka ya mwanzo, na haujali kama inaingia kwa masikio au kwa macho. Lugha ya alama ni lugha kamili. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kumfundisha mtoto alama hakumzuii kujifunza kusema. Kinachomuumiza ni kukaa miaka bila lugha yoyote, huku watu wazima wakibishana ipi ni bora.

Tumrudie binti wa mlangoni. Itachukua wiki nyingi kabla "hatakuja" haijakaa sawa masikioni mwake, na kwa sasa hana sababu ya kuumia kila jioni. Kwa hiyo mtaalamu alimpa mama maelekezo ya muda: jambo zito usiliweke juu ya h. Usimwambie "Baba hatakuja leo." Msogelee, keti naye, mwambie: "Baba yuko safarini. Leo analala Dodoma. Atakuja Jumamosi." Kisha mwulize: "Baba atakuja lini?" Uhesabu hadi kumi. Akijibu "Jumamosi", amekupata. Akibeba kigoda chake kuelekea mlangoni, hakukupata, na sasa unajua hivyo mapema, kabla giza halijaingia.